Kifafa kinachofuata mwezi

Na Mwandishi Wetu, Shishiyu

Kalenda imetundikwa kwa msumari juu ya marobota ya pamba yanayosubiri kupelekwa ghalani. Ni ya mwaka jana, zawadi ya duka la viuatilifu, na kona zake zimeshajikunja kwa moshi. Mwenye nyumba hataki itupwe.

Ndani ya vijisanduku vya tarehe kuna alama za aina mbili. Nukta nyeusi za kalamu ya wino ni za binti yake wa darasa la sita, ambaye alipewa kazi ya kuweka nukta kila siku mama anapoanguka. Mistari myembamba ya penseli, ambayo usipoinamia huioni, ni ya mama mwenyewe. Hizo ni siku zake. Hakumwambia mtu.

"Nilikuwa nahesabu yangu, mtoto anahesabu yake," anasema, akivuta kanga kufunika kovu la moto linalopanda kutoka kifundo cha mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko. "Hatukujua tunahesabu kitu kimoja."

Ana miaka 34, watoto watatu, na kifafa tangu akiwa na miaka 14, mwaka uleule alipovunja ungo. Ameomba jina lake lisiandikwe, na hapa Shishiyu, wilayani Maswa, ombi hilo halihitaji maelezo. Bado wapo wanaoamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa nawe umeshaupata. Kovu lile alilipata kwenye mafiga, sufuria ya michembe ikiwa jikoni, na waliokuwapo walisita kumshika.

Mama mkwe wake alikuwa na maelezo yake siku nyingi: mkamwana huyu anaanguka mwezi unapoandama. Alikosea mwezi, lakini hakuwa mbali.

Mwezi upi?

Kiswahili kina neno moja kwa mambo matatu. Mwezi ni ule wa angani, mwezi ni siku 30, na mwanamke akiwa kwenye hedhi tunasema yuko mwezini. Basi mtu anaposema kifafa kinafuata mwezi, msikilizaji huangalia juu. Wachache humwuliza mgonjwa mwenyewe alikuwa wapi katika mzunguko wake.

Hali hiyo ipo kweli kitabibu. Ni kifafa cha hedhi, maana yake kifafa ambacho mwanamke anacho tayari, kwa sababu yoyote ile, lakini kinachompanda mara nyingi zaidi katika siku fulani za mzunguko. Hedhi haileti kifafa. Inachagua siku. Kwa kadirio linalotumika sana, mwanamke mmoja kati ya watatu wenye kifafa yuko hivi, ingawa idadi hupanda na kushuka kulingana na ukali wa kipimo alichotumia mhesabuji.

Dawa ya kwanza ya kifafa iliyofanya kazi ilitokana na wagonjwa wa aina hii. Mei 1857, jijini London, Charles Locock, daktari wa uzazi wa Malkia Viktoria, aliwaambia madaktari wenzake kwamba amewapa chumvi ya bromaidi wanawake waliokuwa wakianguka wakati wa hedhi, na karibu wote wakapata nafuu. Yeye aliamini ugonjwa ule unatokana na ashiki iliyozidi, na bromaidi ilijulikana kupoza ashiki. Nadharia ilikuwa upuuzi mtupu. Dawa ikatumika duniani kote kwa zaidi ya nusu karne, hadi fenobabitoni ilipoingia mwaka 1912.

Fenobabitoni ndiyo hiyohiyo ambayo mama wa Shishiyu alikuwa akinywa. Vidonge vitatu vidogo vya miligramu 30, kila usiku.

Breki inapoachiwa

Ubongo hufanya kazi kwa kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Breki kubwa ni kemikali iitwayo gaba, inayozituliza seli za neva zisiwake zote kwa mpigo. Kifafa hupanda pale kundi la seli linapowaka pamoja na breki ikashindwa kulizuia.

Homoni mbili za uzazi zinaingia hapo. Estrojeni, kwa sehemu kubwa, huongeza mafuta. Projesteroni huongeza breki, ila si yenyewe moja kwa moja: ikifika kwenye ubongo hugeuzwa kuwa kitu kingine, alopregnanoloni, na hicho ndicho kinachoipa gaba nguvu, kwa namna inayofanana na ya fenobabitoni. Tuseme mwili wa mwanamke una kiwanda chake kidogo cha dawa ya kifafa.

Kiwanda hicho hufanya kazi nusu ya mwezi tu. Yai likishatoka, ganda lililobaki kwenye ovari hutengeneza projesteroni kwa wiki mbili hivi. Mimba isipotunga, ganda hunywea, projesteroni huporomoka ndani ya siku chache, na damu hutoka. Ubongo uliozoea breki ya ziada unaikosa ghafla.

Kila mtu hapa ameona jambo linalofanana na hilo. Mnywaji wa gongo wa miaka mingi, akikatishwa pombe kwa siku mbili tatu, anaweza kuanguka kifafa ingawa hajawahi kuwa nacho. Kinachomwangusha si pombe bali kuondoka kwa pombe. Kwa mama huyu, kinachomwangusha si damu bali kuondoka kwa projesteroni, na kuondoka huko kunaanza kabla damu haijaonekana. Ndiyo maana wanawake wengi hawaunganishi mambo haya mawili: anaanguka Jumatatu, hedhi inakuja Jumatano, na kwa hesabu ya kawaida alianguka "kabla" na kwa hiyo havihusiani.

> "Kinachomwangusha si damu. Ni projesteroni kuondoka, na inaondoka kabla damu haijaonekana."

Hiyo ni sura iliyozoeleka zaidi. Mwaka 1997 daktari Andrew Herzog na wenzake wa Boston walizitaja sura tatu. Ya pili ni ya katikati ya mzunguko, estrojeni inapopanda juu kabisa kuelekea yai kutoka na projesteroni haijaanza kumwagika. Ya tatu ni ya wanawake ambao yai halitoki vizuri: nusu yote ya pili ya mzunguko inakosa breki, na kifafa husambaa kuanzia siku ya kumi hivi hadi hedhi inayofuata. Tofauti hii si ya vitabuni tu, kwa sababu dawa ya siku kumi inayomfaa mwenye sura ya kwanza haimsaidii kitu mwenye sura ya tatu.

Nukta 14

Turudi kwenye kalenda, maana tiba yote inasimama juu yake.

Muuguzi aliyeiona alikuja nyumbani kwa jambo jingine, chanjo ya mtoto wa mwisho. Aliiteremsha kutoka kwenye msumari, akaiweka mapajani, akaomba kalamu. Mbele ya mama, kwa sauti ya chini, alianza kuhesabu kwa njia ambayo kila msomaji anaweza kuifuata.

Siku damu ilipoanza huitwa siku ya kwanza. Kutoka hedhi ya Februari 11 hadi ya Machi 10 ni siku 27. Kutoka Machi 10 hadi Aprili 8 ni siku 29. Kutoka Aprili 8 hadi Mei 6 ni siku 28. Jumla siku 84, na mizunguko inayopishana kwa siku moja au mbili tu.

Kisha dirisha: siku tatu kabla ya damu na siku tatu za kwanza za damu. Kwa hedhi ya Machi 10, dirisha ni Machi 7 hadi 12. Siku sita kila mzunguko, kwa mizunguko mitatu siku 18. Zilizobaki ni 66.

Nukta zote za binti zilikuwa 14. Nane zilikuwa ndani ya dirisha, sita nje.

Anayeangalia haraka atasema nane na sita hazijapishana sana. Lakini nane zile zilitokea ndani ya siku 18, yaani kuanguka mara moja katika kila siku mbili na robo. Sita zilitawanyika katika siku 66, mara moja katika siku 11. Ndani ya dirisha alikuwa anaanguka karibu mara tano zaidi ya nje. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni mara mbili; akizidi hapo, ni kifafa cha hedhi.

Muuguzi hakushangilia. Aliuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalomtenganisha anayeijua kazi na aliyesoma kipeperushi: "Mayu, dawa unachukua tarehe ngapi?"

Zahanati nyingi hutoa dawa ya kifafa ya mwezi mmoja. Mzunguko nao ni kama mwezi mmoja. Mgonjwa ambaye dawa humwishia siku mbili kabla ya kwenda kuchukua nyingine, na siku hizo zikaangukia karibu na hedhi yake, ataonyesha kalenda yenye nukta zilezile kabisa, na hedhi haitakuwa na kosa lolote. Wapo pia wanaoacha vidonge kwa makusudi wakiwa mwezini, au wanaokesha kwa maumivu ya tumbo, na kukosa usingizi peke yake kunatosha kumwangusha mwenye kifafa.

Mama alikuwa anachukua dawa kati ya tarehe 20 na 25. Vidonge vilivyobaki vilihesabiwa mezani, vikalingana na siku. Hakuwa anaruka. Sasa ndipo hesabu ile ikawa na maana.

Kuongeza dozi: kosa lililoonekana la busara

Kituo cha kwanza alichokwenda na kalenda yake, ambacho sitakitaja, walimpa ushauri ambao hata mimi ningeuona wa akili: kama anaanguka siku za hedhi, basi siku hizo aongeze dozi. Vidonge sita badala ya vitatu, kuanzia jana yake ya hedhi mpaka damu ikatike.

Alifanya hivyo mizunguko miwili. Alianguka kama kawaida, halafu, hedhi ilipokwisha, akalala. "Wifi yangu alikuwa ananiamsha nile," anasema. "Shambani sikwenda wiki nzima. Nikasema bora kuanguka."

Kilichotokea ni tabia ya fenobabitoni yenyewe. Ni dawa inayotoka mwilini polepole mno: nusu yake huchukua kama siku nne kuondoka, na ukibadilisha dozi, kiwango kipya kwenye damu hutulia baada ya wiki mbili hadi tatu. Aliyeanza kuongeza jana yake ya hedhi anapandisha kiwango taratibu wakati dirisha la hatari tayari limefunguka. Kinapofika juu, dirisha limeshafungwa, na kinachobaki ni usingizi.

Kupandisha dozi kwa siku chache kunawezekana kwa dawa zinazoingia na kutoka upesi. Kwa fenobabitoni haiwezekani. Kwa fenitoini ni hatari kwa namna nyingine, kwa sababu ini lina kiwango chake cha kuishughulikia. Likishajaa, nyongeza ndogo hurusha kiwango juu ghafla na mgonjwa huanza kuyumba kama mlevi.

Na hapa lazima niseme jambo la pili kuhusu dawa hii, kwa sababu baada ya usingizi ule mama alitaka kuiacha kabisa. Fenobabitoni haiachwi ghafla. Sababu ni ileile ya gongo na ya projesteroni: breki ikitolewa kwa mpigo, kifafa kinaweza kupanda bila kukatika.

Nchi hii inayo kumbukumbu chungu ya jinsi kifafa kinavyoua. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa watu ambao jamii ilikuwa imewatenga. Miaka 30 baadaye yeye na Henry Rwiza waliwatafuta wagonjwa 164 wa mwanzo. Kati yao 110 walikuwa wamefariki. Pale chanzo kilipojulikana, zaidi ya nusu ya vifo vilitokana na kifafa chenyewe: kupanda kusikokatika, kuzama majini, kuungua moto.

> Alipoongeza vidonge siku za hedhi, dawa ilifika juu wakati hatari imeshapita. Kilichobaki ni usingizi.

Mtoto wa kijiti

Katika mazungumzo yetu mtoto wa mwisho, wa miaka minne, alikuwa akiingia na kutoka na gurudumu la bati. Nyumbani wanamtania kwa jina la "mtoto wa kijiti". Alitungwa mama yake akiwa na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, kimewekwa vizuri, hakijapitwa na muda.

Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, dawa tatu ambazo mgonjwa wa kifafa wa kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa, zina tabia moja ya pamoja. Zinalichochea ini kutengeneza vimeng'enya vingi zaidi, na vimeng'enya hivyo huisaga homoni ya kijiti na ya vidonge vya majira kabla haijafanya kazi yake. Kijiti kinabaki mkononi, lakini kinga imepungua. Aliyemwekea hakuuliza kama anatumia dawa nyingine, na mama hakuona sababu ya kutaja kifafa kwenye chumba cha uzazi wa mpango.

Kitanzi cha shaba hakina tatizo hilo, kwa kuwa hakitumii homoni. Sindano ya miezi mitatu, Depo, nayo huhimili, kwa sababu dozi yake ni kubwa. Na Depo ndiyo iliyozua ubishi.

Muuguzi na daktari

Upande mmoja yuko muuguzi yule wa kalenda. Hoja yake ni fupi: tatizo la mama huyu ni mzunguko, na yeye anayo dawa ya kusimamisha mzunguko, ipo kabatini, inatolewa bila malipo, na inakinga mimba. Depo huzuia yai kutoka, na kwa wanawake wengi baada ya sindano kadhaa hedhi hukatika. Pasipo yai hakuna ganda, pasipo ganda hakuna projesteroni ya kuporomoka.

Hoja hiyo ina msingi. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapa sindano ya aina hii wanawake 14 ambao kifafa chao kilikuwa kimeshindikana, na kwa wastani kuanguka kukapungua kwa karibu asilimia 39. Wanawake 14 ni wachache, na hakukuwa na kundi la kulinganisha.

Upande wa pili ni daktari wa mishipa ya fahamu jijini Mwanza, ambako mama alipewa rufaa. Hakuikataa Depo. Alikataa kuanza nayo. Miezi ya kwanza ya sindano, alieleza, damu huja ovyo, na kalenda ambayo ndiyo dira yao ingevurugika. Halafu Depo ikishaingia haitoki. Mwanamke akibadili nia, uzazi unaweza kuchukua miezi mingi kurejea, na kwa matumizi ya miaka mingi mifupa hupungua uimara. Na mume wa mama huyu alikuwa ameketi palepale akisema wanataka mtoto mmoja zaidi.

Kuna jambo ambalo hata wahudumu wengine huchanganya. Homoni ya Depo si projesteroni yenyewe. Ni mfano wake uliotengenezwa kiwandani, na ubongo hauwezi kuugeuza kuwa alopregnanoloni. Haiongezi breki. Inafanya kazi kwa kuzima mzunguko, basi.

Kwa nini wasimpe projesteroni halisi? Hilo lilijaribiwa, na jibu lake limewakata maini wengi. Herzog na wenzake waliwapima wanawake 294 nchini Marekani, matokeo yakachapishwa 2012. Nusu ya pili ya mzunguko walipewa projesteroni halisi ya kumung'unya, miligramu 200 mara tatu kwa siku, kisha ikashushwa kidogo kidogo hedhi ilipokaribia ili isiporomoke. Kwa jumla haikushinda kidonge kisicho na dawa. Waliofaidika zaidi ni wale ambao dirishani walikuwa wakianguka mara tatu au zaidi kuliko siku nyingine.

Mama wa Shishiyu, kwa mara tano yake, angeingia kundi hilo. Lakini kumung'unya dawa mara tatu kwa siku, nusu ya kila mwezi, maisha yake yote, kwa dawa asiyoweza kuipata karibu, ni ushauri wa karatasini. Daktari aliusema, akaufunga.

Hatua zilizochukuliwa

Daktari alianza na jambo lisilohusu hedhi hata kidogo. Nukta sita za nje ya dirisha zilimwambia kwamba dawa ya kila siku haitoshi. Kuanguka kwa mama huanzia mkono wa kulia, vidole vikicheza, kabla hajapoteza fahamu. Hiyo ni dalili kwamba kifafa kinaanzia sehemu moja ya ubongo, na kwa aina hiyo kabamazepini hufaa. Ikaingizwa polepole, ikafika miligramu 400 asubuhi na 400 jioni. Ilipokwisha kusimama, fenobabitoni ikaondolewa kidonge kimoja kila mwezi, kwa miezi mitatu. Kalenda ikaendelea.

Mizunguko mitatu ya baadaye ilionyesha nukta sita tu. Moja nje ya dirisha, tano ndani.

Nadhani hapa ndipo familia nyingi huvunjika moyo, au hurudi kwa mganga, kwa sababu zile zilizobaki ndizo zilezile zinazokuja na mwezi. Daktari aliona tofauti: mchanga umechujwa, limebaki jiwe. Sasa dirisha lilistahili dawa yake peke yake.

Alichagua klobazamu. Ni ndugu ya valiamu, inashika siku hiyohiyo inapomezwa, na inabonyeza breki ileile ya gaba. Ina udhaifu mmoja mkubwa: ikinywewa kila siku, kwa wengi ubongo huizoea na nguvu hupungua. Ikinywewa siku kumi na kupumzishwa, ubongo haupati nafasi ya kuizoea. Wazo hilo lilijaribiwa kwa wanawake wa kifafa cha hedhi mwaka 1982, miligramu 20 hadi 30 kwa siku kumi, na wengi wao walipata nafuu kuliko walipopewa kidonge kisicho na dawa.

Swali likawa aanze siku gani. Huwezi kumwambia mtu aanze siku tatu kabla ya jambo ambalo halijatokea. Kalenda ilijibu. Mzunguko wake mfupi kuliko yote ni siku 27, kwa hiyo dirisha haliwezi kufunguka kabla ya siku ya 25. Aanze siku ya 25, usiku, miligramu 20, siku kumi. Mzunguko ukiwa wa siku 27, dawa itamfikisha siku ya saba ya hedhi. Ukiwa wa siku 29, itamfikisha siku ya tano. Kwa vyovyote dirisha limefunikwa pande zote mbili. Siku mbili za mwisho anameza nusu, ili nayo isiondoke ghafla.

Mpango huu unamfaa mwenye mzunguko unaotabirika. Mwanamke ambaye mwezi huu ni siku 24 na ujao 38 hana siku ya 25 ya kuitegemea, na kwake sindano ya muuguzi inakuwa na hoja nzito kuliko klobazamu ya daktari. Muuguzi nilipomweleza hivyo alicheka. "Si nilisema?" alisema. "Ila huyu ni wa daktari. Wangu wapo, njoo nikuonyeshe."

> Mzunguko mfupi zaidi, siku 27. Ondoa tatu za mwisho, zinabaki 24. Siku ya 25 usiku ndipo kidonge cha kwanza humezwa.

Klobazamu haipo kwenye zahanati za vijijini. Mume huifuata Mwanza mara moja kila miezi miwili, pakiti ya kutosha mizunguko miwili, na huifungia kwenye sanduku kwa sababu ni dawa ya usingizi na kuna watoto. Mwezi mmoja alichelewa kwa siku mbili, na binti akaweka nukta mbili.

Siku ya 24

Kalenda mpya ya mwaka huu imetundikwa chumbani, mbali na macho ya wageni. Mistari ya penseli imekuwa ya wino. Tangu klobazamu ianze imepita mizunguko mitano, na nukta ni tatu: mbili za ule mwezi wa kuchelewa, na moja iliyotokea bila sababu yoyote wanayoijua.

Mama mkwe, ambaye tulimkuta nje akichambua pamba, nilimwamkia mwangaluka, akaitikia, akanitaka nimweleze huo mwezi wa madaktari ni upi. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akachambua tena punje mbili tatu.

"Sasa nilivyosema mimi ni tofauti gani?"

Jioni ilipofika jiko liliwashwa. Binti alikwenda chumbani, akahesabu kwa kidole, akarudi kumwambia mama kwamba leo ni ya 24, kesho usiku ndiyo kidonge. Mama alikuwa ameshainuka kuelekea kwenye mafiga. Alisimama, akamwangalia wifi yake, na wifi, bila kuambiwa, akachukua mwiko.

"Huko ndani kaa," alimwambia. "Ugali nitasonga mimi mpaka wiki ijayo."